Maelezo ya pampu yamejaa ukurasa, bosi anataka jedwali la mistari 10. Nini kinabaki, nini kinatupwa?

#1 Mzigo_Mpya

Wakuu, salaam. Nimepewa kazi ya kuingiza bidhaa kwenye katalogi ya mtandaoni. Kila bidhaa inakuja na maelezo marefu ya muuzaji, na mimi natakiwa nitoe jedwali fupi la safu mbili: sifa huku, thamani kule. Mistari isizidi 10. Taa na feni nilizimaliza bila jasho. Kwenye pampu ya maji nimekwama tangu jana. Mapambio nimeshayapunguza, nyama iliyobaki ni hii:

> Pampu ya nguvu ya farasi 1 kwa matumizi ya nyumbani, bustani na mifugo. Mota imara iliyosukwa kwa waya wa shaba, inapandisha maji hadi mita 35 na kutoa hadi lita 100 kwa dakika bila kelele. Inavuta maji kutoka kina cha hadi mita 8. Mwili wake wa chuma haupitishi maji (IP44). Matundu ya kuingilia na kutolea ni ya inchi 1. Hutumia umeme wa 220–240 V, 50 Hz, wati 1100. Ni kwa maji safi yasiyozidi nyuzi 40. Waya mita 1.5, plagi haijumuishwi. Uzito kilo 11 tu!

Nikatoa jedwali hili:

| Sifa | Thamani |
|---|---|
| Nguvu | farasi 1 |
| Wati | 1100 |
| Mita | 35 |
| Lita | 100 |
| Kina | mita 8 |
| Haipitishi maji | Ndiyo |
| Inchi | 1 |
| Uzito | kilo 11 |
| Kelele | Hakuna |
| Matumizi | Nyumba, bustani, mifugo |

Bosi kalirudisha, eti "halieleweki na lina uongo". Uongo umetoka wapi wakati kila namba nimeichota humohumo?

#2 Tetesi

Siti ya mbele. Ngoja wenye pampu zao waje.

#3 Chapuchapu

Mkuu mbona rahisi. Kosa lako ni kuandika kipimo mahali pa sifa. "Mita" siyo sifa, "Lita" siyo sifa. Sifa ni kitu kinachopimwa, mita ni cha kupimia. Andika "Kupandisha: 35 m", "Kutoa: 100 L kwa dakika", "Tundu: inchi 1". Kanuni yangu: kila palipo na namba, chukua, pasipo na namba, tupa. Dakika tano umemaliza, unarudi kunywa chai.

#4 Mzigo_Mpya

Asante Chapuchapu, hilo la mita nimelikubali, aibu yangu. Lakini kwa kanuni yako "maji safi" na "plagi haijumuishwi" vinatupwa?

#5 Chapuchapu

Havina namba, mkuu. Vinatupwa.

#6 Bi_Safu

Hapana, hapana. Chapuchapu yuko sahihi kuhusu kipimo na sifa, ila kanuni ya namba itamwaibisha huyu kijana. Nimefanya kazi hii ya majedwali muda mrefu, na malalamiko mengi niliyoyaona hayakutokana na namba iliyokosekana. Yalitokana na neno dogo lililokuwa limekaa kando ya namba, mtu akalitupa. Angalia maneno haya kwenye maelezo yako: *hadi, kutoka, yasiyozidi, haijumuishwi, ni kwa*. Hayo ni sehemu ya thamani yenyewe.

"Inapandisha hadi mita 35" ukiandika "35 m" umesema jambo lingine. La kwanza ni ukomo, la pili linasomeka kama ahadi ya kila siku. Na "plagi haijumuishwi" ndiyo habari pekee humo inayomwambia mnunuzi kwamba akifungua boksi atakuta waya umekatwa mkavu.

Mimi napita maelezo mara mbili. Mara ya kwanza napigia mstari namba na vipimo vyake, kama Chapuchapu anavyofanya. Mara ya pili naacha namba kabisa, natafuta makatazo na mipaka tu. Ukivitafuta vyote kwa mpigo mmoja, jicho linakimbilia namba kila mara.

Halafu "Kelele: Hakuna". Hiyo ifute. Pampu isiyo na kelele haipo. Kama wangetoa desibeli ungeandika desibeli. Hawakutoa, basi mstari huo haupo.

#7 Fundi_Impela

Habari zenu. Mimi ni wa pampu, majedwali siyajui, lakini naona uongo anaousema bosi uko wapi. Ni hiyo mita 35 na lita 100 zikikaa mstari juu ya mwenzake kama mke na mume. Hizo mbili hazikutani kamwe!

Pampu ya namna hii, kadiri unavyopandisha maji juu ndivyo yanavyotoka kidogo. Lita 100 kwa dakika unazipata maji yakitoka usawa wa pampu, hayapandi popote. Ukiinua bomba hadi mita 35, maji yanasimama ndani ya bomba, hayatoki hata tone. Kazi halisi iko katikati. Mtu mwenye tenki juu ya mnara wa mita 20 atapata kiasi fulani, ila kiasi gani hamuwezi kukijua bila mchoro wa pampu yenyewe. Jedwali la Mzigo linamwambia mtu huyo kwamba atapata lita 100 akiwa mita 35.

#8 Nyundo77

Fundi, hapo #7 umenikumbusha machungu. Nilinunua pampu kwa kusoma jedwali kama hilo. Liliandikwa "Kupandisha: 40 m". Kisima changu kina maji mita 15 chini. Nikasema 15 ni ndogo kuliko 40, tena sana. Nikaifunga juu ya ardhi, nikaijaza maji, nikawasha. Inanguruma tu. Nikabadilisha bomba, nikabadilisha valvu ya chini, nikambadilisha hadi fundi. Kumbe kuvuta na kusukuma ni mambo mawili. Kwenye kijitabu cha ndani iliandikwa mwisho wa kuvuta ni mita 8. Kwenye jedwali nililosoma mstari huo haukuwepo kabisa. Aliyelifupisha aliona "mita" mbili, akadhani zinarudia, akafuta ndogo.

#9 Fundi_Impela

Pole sana Nyundo77. Na hiyo mita 8 siyo udhaifu wa kiwanda. Pampu iliyo juu haivuti maji kwa mkono. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kupanda. Hewa hiyo kwenye usawa wa bahari inaweza kubeba maji mita 10 na kidogo, basi. Hata ungeleta pampu ya farasi 50. Ukitoa hasara za bomba unabaki na 7 au 8. Zaidi ya hapo unahitaji pampu ya kuzama.

#10 Tetesi

Farasi 50 wamezidiwa na hewa 😂

#11 Bi_Safu

Kisa cha #8 nitakihifadhi. Ndiyo hatari ya vipimo vinavyofanana: namba mbili zenye mita si lazima ziwe sifa moja. Kabla ya kufuta mojawapo, jiulize mita *za nini, kutoka wapi hadi wapi*. Kwenye maelezo ya Mzigo kuna mita tatu: za kupandisha, za kuvuta na za waya. Zote zinabaki, na kila moja inahitaji jina refu kidogo. Jina fupi la sifa linaokoa nafasi lakini linapoteza mteja.

#12 Sanduku_la_Karatasi

Habari wana jamvi. Hata mimi jedwali lilinisumbua, maneno yakizidi yanakatika kwenye seli. Suluhisho: chagua safu yote, bofya kulia, washa kukunja maneno ndani ya seli. Kisha punguza herufi hadi 9. Karibu.

#13 Tetesi

Sanduku, swali umelisoma kwa kukunja maneno pia?

#14 Sanduku_la_Karatasi

Nimeona "jedwali" nikaja mbio. Samahani, naendelea kujifunza hapa.

#15 Mzigo_Mpya

Nawashukuru wote. Sasa kuna kitu kingine bosi alizungushia wino mwekundu: farasi 1 na wati 1100. Anasema haziwezi kuwa pamoja, nichague moja. Farasi 1 si karibu wati 750?

#16 Chapuchapu

746. Kwa hiyo 1100 ni kosa la kuandika, au wamepachika namba kubwa ili ivutie. Andika farasi 1, futa 1100. Thamani mbili zikipingana, chukua ndogo, huwezi kushtakiwa.

#17 Fundi_Impela

Taratibu. Si lazima zipingane. Mota inakula umeme mwingi kuliko nguvu inayotoa kwenye shafti, kiasi kingine kinapotea kama joto. Kwenye kibati cha mota utakuta mara nyingi P1 na P2. P1 ni umeme unaoingia, P2 ni nguvu inayotoka. Mota ndogo ya farasi 1 kula wati 1100 ni jambo la kawaida kabisa. Ningekuwa mimi ningeweka zote mbili kwa majina tofauti: "Nguvu ya mota" na "Umeme unaotumika". Mwenye jenereta anahitaji hiyo 1100. Akiangalia 750 akanunua jenereta ya kubana bana, atalia, na wakati wa kuwaka mota inavuta zaidi ya hapo.

#18 Nyundo77

Au 1100 ni ile ya kilele, kama wanavyofanya kwenye blenda: "wati 1200" kwa sekunde mbili, kazi ya kawaida 500. Mimi siwaamini tena watu wa namba.

#19 Fundi_Impela

Ya kilele wakati wa kuwaka ingekuwa kubwa kuliko 1100 kwa mota hii, mara kadhaa. Lakini siapi, kibati sijakiona.

#20 Bi_Safu

Fundi anaelekea kuwa sahihi, na hata hivyo mimi nisingeandika "Umeme unaotumika: 1100 W" leo. Maelezo hayasemi hivyo. Yanasema "wati 1100", mkiani mwa sentensi ya umeme. Kukaa karibu na volti ni ishara nzuri, ila ni ishara. Muulize muuzaji akupigie picha ya kibati. Mpaka hapo andika kilicho wazi, na hiyo nyingine iweke pembeni kwenye orodha ya maswali, siyo kwenye jedwali.

Kuhusu #16, kuchukua ndogo siyo usalama. Kwa mwenye jenereta, ndogo ndiyo itakayomuumiza. Fundi ameshaonyesha.

#21 Chapuchapu

Sawa, hapo mmenipiga bao. Lakini sasa IP44. Namba ipo, tena mbili. Na maelezo yenyewe yanasema "haupitishi maji". Kwa hiyo "Haipitishi maji: Ndiyo" ya Mzigo iko sawa, au na hapo kuna mtego?

#22 Fundi_Impela

Mtego upo. Nne ya pili inasema mwili unavumilia maji ya kurushiwa kutoka pande zote. Nne ya kwanza ni ya vitu vigumu, kwamba kitu cha unene wa milimita 1 na zaidi hakiingii. Kuzama haimo. Kinga ya kuzamishwa inaanzia 7 upande wa pili. Mtu akisoma "Haipitishi maji: Ndiyo" kwenye jedwali la *pampu ya maji* ataitumbukiza kisimani, hasa mwenye kisima kama cha Nyundo77.

#23 Nyundo77

Naapa nilifikiria kuitumbukiza. Mke wangu ndiye aliyenizuia.

#24 Bi_Safu

Hapa maelezo yamesema kitu kimoja kwa sauti mbili: moja ya tangazo, moja ya kipimo. Zikitofautiana, jedwali linafuata kipimo. Andika IP44, acha hiyo "haupitishi".

Mzigo, jaribu hili:

| Sifa | Thamani |
|---|---|
| Maji yanayofaa | Safi, yasiyozidi 40 °C |
| Mwisho wa kupandisha | 35 m (hapo maji hayatoki) |
| Mwisho wa kiasi | 100 L kwa dakika (bila kupandisha) |
| Mwisho wa kuvuta kutoka chini | 8 m |
| Nguvu ya mota | Farasi 1 |
| Umeme | 220–240 V, 50 Hz |
| Matundu, kuingilia na kutolea | Inchi 1 |
| Kinga ya mwili | IP44 |
| Waya | 1.5 m, bila plagi |
| Uzito | 11 kg |

Kumi kamili. Maji nimeyaweka juu kwa makusudi, kwa sababu ndiyo sharti la yote yanayofuata. Nyumba, bustani na mifugo vinabaki kwenye sentensi moja juu ya jedwali. Hayo ni matumizi, hayapimiki.

#25 Msomaji_Kimya

Nimesoma kimya tangu #1, sasa nina neno. Bi_Safu, kwenye #20 umemkataza Fundi kuongeza kisichoandikwa. Kwenye #24 umeandika "hapo maji hayatoki" na "bila kupandisha". Hayo maelezo ya muuzaji yanayasema wapi?

#26 Bi_Safu

Umenikamata. Hayasemi. Nimeyatoa kwa Fundi #7.

#27 Msomaji_Kimya

Basi sheria ni ipi? Ama kila thamani uweze kuiwekea kidole kwenye maelezo, ama unaruhusiwa kuongeza ujuzi. Nafanya kazi ambapo jedwali likiwa na neno lisilo kwenye chanzo, linarudishwa hata kama neno ni la kweli. Sababu ni kwamba kesho mtu mwingine ataongeza lake ambalo si la kweli, na hakuna atakayeona tofauti.

#28 Fundi_Impela

Lakini mwenzangu, hiyo haibadiliki na muuzaji. Ni tabia ya pampu zote za namna hii. Wati 1100 inaweza kuwa hivi au vile. Maji kusimama kwenye urefu wa mwisho ndiyo maana yenyewe ya urefu wa mwisho.

#29 Msomaji_Kimya

Kwako wewe fundi ndiyo maana yake. Anayefupisha siyo fundi, na kesho anafupisha darubini. Atajuaje lipi ni tabia ya vyote na lipi ni la bidhaa hii?

#30 Bi_Safu

Nitakubaliana nusu. Neno "mwisho" linatosha kubeba "hadi" ya muuzaji, hayo mabano nayatoa kwenye thamani. Ila nitayaweka chini ya jedwali kama tanbihi ya katalogi, yakisomeka wazi kwamba si maneno ya muuzaji. Siko tayari kuyafuta kabisa baada ya kisa cha #8.

#31 Chapuchapu

Tanbihi haisomwi na mtu. Mimi ningeyaacha ndani.

#32 Fundi_Impela

Na waya wa shaba mmeutupa! Ndicho kitu cha kwanza fundi anachouliza. Mota ya shaba ikiungua unaisuka upya, ile ya alumini wengi wetu hatutaki hata kuishika. Toeni uzito, wekeni shaba. Nani ananunua pampu kwa kilo?

#33 Mzigo_Mpya

Anayelipia usafiri, Fundi 😅 Bosi kasema uzito lazima uwepo. Ila sasa najiuliza, hiyo kilo 11 ni ya pampu au pamoja na boksi?

#34 Tetesi

Kazi imeanza upya.

#35 Bi_Safu

Swali zuri kuliko yote uliyouliza. Liongeze kwenye orodha ya kumuuliza muuzaji. Na shaba iingie: unganisha na nguvu, "Mota: farasi 1, waya wa shaba". Sipendi kuweka vitu viwili kwenye seli moja, kwa sababu mtu akitaka kuchuja pampu zote za shaba hatazipata, lakini kwa mistari 10 huna njia.

#36 Msomaji_Kimya

Njia ipo: mwambie bosi mistari 11.

#37 Mzigo_Mpya

Mrejesho, wakuu. Nilifanya jaribio: jedwali nilimpa mwenzangu ambaye hajasoma maelezo, nikamwambia anieleze pampu hii ni ya namna gani. La kwanza langu alisema "ni pampu ya kuzama, ina utulivu, inatoa lita 100 kwa mita 35". Makosa matatu kwa pumzi moja. La Bi_Safu bila mabano alisema kila kitu sawa, ila akauliza "kwenye mita 20 inatoa ngapi?" Sikuwa na jibu, na maelezo hayana.

Muuzaji naye katuma picha ya kibati. Imefifia, nusu imekwaruzwa. Kinachosomeka ni 0.75 kW na 5.2 A. P1 na P2 hazionekani. Bosi kakataa mstari wa 11.

#38 Chapuchapu

5.2 mara 230 ni 1196. Siyo 750 wala 1100! Sasa tuna namba tatu.

#39 Fundi_Impela

Kwa umeme huu ampea mara volti haikupi wati halisi, mota inavuta kidogo zaidi ya inachotumia. Kuna kigawo kwenye kibati, ni kama 0.9 na kitu, kingekushusha karibu na 1100. Mzigo, angalia kama kuna "cos" imeandikwa pembeni.

#40 Mzigo_Mpya

Palipokwaruzwa ndipo hapo hapo. Nimeomba picha nyingine. Farasi 1 imeingia, 1100 bado iko pembeni.

#41 Nyundo77

Ukipata hiyo picha, muulize na mchoro wa mita 20. Mnara wangu ni wa 20.